Sinki, Bomba na Tundu Visipopatana: Kutafuta Chanzo cha Hitilafu Jikoni

Hitilafu nyingi za sinki la jikoni humfikia fundi zikiwa na jina lisilo lake. Mwenye nyumba hulalamika kwamba bomba linavuja, kumbe maji yanapita chini ya ukingo wa sinki. Husema hita imeharibika, kumbe mkono wa bomba unagonga vigae vya ukutani na hauwezi kufika upande wa maji ya moto. Au humlaumu aliyemuuzia bomba linalozunguka, ilhali bomba ni zima na kilichokosewa ni ukubwa wa tundu lililotobolewa. Kwa sababu hiyo, kabla ya kushika sipana, inafaa kujiuliza swali moja ambalo hufupisha kazi kwa kiasi kikubwa: tundu la bomba limetobolewa kwenye nini, kwenye sinki lenyewe au kwenye kaunta?

Jibu la swali hilo hutegemea aina ya sinki. Sinki la kukalia juu huteremshwa kutoka juu ndani ya uwazi uliokatwa, na ukingo wake hubaki umelala juu ya kaunta. Aina hii kwa kawaida huwa na sehemu bapa nyuma ya beseni, na tundu la bomba limo kwenye sehemu hiyo. Sinki la kufungwa chini hubanwa upande wa chini wa jiwe, mdomo wake usionekane, hivyo tundu la bomba hulazimika kutobolewa kwenye jiwe. Sinki la uso wa mbele, lile ambalo ukuta wake wa mbele huchukua nafasi ya kaunta na kuonekana juu ya milango ya kabati, nalo mara nyingi halina tundu, kwa hiyo bomba hukaa kwenye jiwe au hutoka ukutani. Anayenunua sinki la kukalia juu ananunua pamoja nalo uamuzi wa kiwandani kuhusu mahali bomba litakapokaa. Anayenunua mojawapo ya hayo mawili mengine anamwachia fundi wa graniti uamuzi huo, na fundi huyo mara nyingi hajaliona bomba litakalofungwa.

Kuna maji ndani ya kabati

Dalili hii ndiyo inayoongoza, na ndiyo inayotibiwa vibaya zaidi, kwa sababu watu huanza kwa kupaka silikoni kila mahali kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Toa vitu vyote kabatini, kausha paipu, mipira ya kuunganishia na upande wa chini wa kaunta kwa kitambaa, kisha tandika karatasi kavu ya shashi au gazeti kwenye sakafu ya kabati. Jaribio lifanyike kwa hatua tatu, na kati ya hatua moja na nyingine pawe na dakika 10 hivi za kusubiri.

Kwanza, ziba shimo la kutolea maji na ujaze beseni nusu kwa kutumia ndoo, bila kufungua bomba kabisa. Kama karatasi inalowa, kosa liko kwenye kiungo cha shimo la kutolea maji na halihusu aina ya sinki. Pili, achilia maji hayo, kausha, kisha mimina kikombe cha maji polepole kuzunguka ukingo wa sinki, na baadaye kikombe kingine kuzunguka kitako cha bomba, ukitazama kwa tochi upande wa chini baada ya kila kikombe. Tatu, fungua bomba kwa nguvu kamili na upitishe vidole kwenye mipira yote miwili kuanzia juu hadi chini. Tone linalotokea hatua ya pili tu ni la ukingo au la kitako. Linalotokea hatua ya tatu tu ni la mpira, la nati au la bomba lenyewe.

Maji yakipita ukingoni mwa sinki la kukalia juu, inua macho hadi usawa wa kaunta na utazame kama kuna mwanya unaopitisha kadi nyembamba chini ya ukingo. Mwanya ukiwepo, kwa kawaida klipu za chini hazikukazwa au hazikufungwa kabisa. Katika nyumba zetu kuna sababu ya pekee ya jambo hili: kaunta nyingi si za mbao wala za jiwe la milimita 20, bali ni bamba la zege lenye unene wa milimita 75 hadi 100 lililobandikwa vigae juu. Klipu zinazokuja na sinki hufika kaunta yenye unene wa milimita 40 hivi, nazo haziwezi kabisa kushika zege la kiasi hicho. Fundi akiona hazifiki, huziacha ndani ya boksi na kutegemea uzito wa vyombo.

Dawa yake si kuongeza silikoni kwa nje, kwa maana safu ya nje hubanduka mara sinki linapocheza. Nyanyua sinki lote, kwangua silikoni ya zamani hadi kwenye kigae, hakikisha vigae viko sawa kwa kupitisha rula ndefu, kisha paka mstari usiokatika wa silikoni ya jikoni chini ya ukingo mzima, ushushe sinki, na ulijaze maji ili uzito wake ulikandamize kwa saa 24. Mahali ambapo kigae kimoja kimeinuka kuliko jirani yake, kisage kwanza. Hakuna gundi inayonyoosha ukingo wa chuma kilichopindwa na kigae.

Pamoja na udhaifu huo, sinki la kukalia juu ndilo ningelichagua kwa kaunta ya zege, na sababu yake haijulikani sana. Shina la bomba, yaani sehemu yenye nyuzi inayopita tunduni, kwa mabomba mengi hutosha unene wa milimita 40 au pungufu. Bomba likikaa kwenye ukingo wa sinki, linapita kwenye chuma cha milimita 1 tu, na zege la chini linaweza kuchongwa pana ili mkono na sipana vipate nafasi. Bomba hilohilo likitakiwa kupita kwenye zege lenyewe, nati haitafika, na utaona fundi akichimba shimo kubwa kutokea chini hadi zege libaki jembamba na kupasuka.

Kwa sinki la kufungwa chini, mwanya huonekana kati ya mdomo wa sinki na upande wa chini wa jiwe, na mara nyingi upande mmoja ni mkubwa kuliko mwingine. Hapo sinki linashuka. Chanzo ni kwamba limegundishwa kwa silikoni peke yake, ambayo imewekwa hapo ili izuie maji, haikuwekwa ibebe mzigo. Beseni la sentimita 70 kwa 40 lenye kina cha sentimita 20 huchukua lita 56 likijaa, yaani kilo 56, ukiacha vyombo. Gundi hukubali mzigo huo kwa miezi, kisha huanza kuachia kwenye kona.

Ukiliona mapema, ondoa mzigo, tegemeza sinki kutoka chini kwa vipande vya mbao na jeki ndogo ya gari, safisha mwanya kwa kisu chembamba na spiriti, jaza silikoni mpya, kisha lipandishe sinki taratibu hadi silikoni ifurike kidogo kwa pande zote. Liache limetegemezwa saa 24. Halafu jenga kitu cha kudumu: fremu ya mbao mbili zinazopita chini ya mdomo wa sinki, upande wa kushoto na wa kulia, zikishikiliwa na kuta za kabati. Klipu za chuma zinazogundishwa kwenye jiwe kwa epoksi nazo hufaa, ila kwa graniti ya milimita 20 tundu la kuzishikiza lisizidi kina cha milimita 10, vinginevyo jiwe hutoka kipande upande wa juu. Mimi huweka fremu hata pale ambapo klipu zipo.

Jambo moja zaidi kuhusu aina hii. Kaunta ya ubao uliobandikwa karatasi ngumu ya plastiki haifai kwa sinki la kufungwa chini, kwa sababu ukingo wa uwazi hubaki wazi, ubao wa ndani hunywa maji na kuvimba, na hakuna ukarabati unaodumu. Ukikuta kaunta ya namna hiyo imevimba, usihangaike na silikoni; badili sinki liwe la kukalia juu ambalo ukingo wake utafunika sehemu iliyoharibika, mradi ubao uliobaki bado ni mgumu.

Bomba linazunguka au linayumba

Shika bomba kwa chini, karibu na kitako, ulizungushe. Kama kitako kinazunguka pamoja na shina, nati imelegea au tundu ni kubwa mno. Kama kitako kimetulia lakini ukingo wa sinki unapinda kama kifuniko cha sufuria, nati haina kosa. Chuma ndicho chembamba.

Tundu la bomba la kisasa la shina moja, lile la kuchanganya maji ya moto na baridi ambalo madukani huitwa miksa, ni la kipenyo cha milimita 35. Bomba la kawaida la maji ya baridi pekee, lenye nyuzi za nusu inchi na linalosimama juu ya sinki, huhitaji tundu dogo zaidi, la milimita 22 hadi 25. Basi mtu ananunua sinki lenye tundu la 35 kwa sababu ndilo lililopo dukani, kisha analifunga bomba la nusu inchi kwa sababu nyumba haina maji ya moto. Shina linaelea katikati ya tundu, washa ya mpira haishiki pembeni, na baada ya wiki chache za kuvuta na kusukuma nati inaachia. Kukaza zaidi husaidia kwa siku mbili. Kinachotakiwa ni washa pana ya chuma juu na nyingine chini, zenye kipenyo cha milimita 50 au zaidi na tundu linalolingana na shina, ili zilifunike tundu kubwa na kuligeuza kuwa dogo. Washa za juu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na chini yake uwekwe mpira au silikoni.

Chuma chembamba kina dawa yake. Kata kipande cha plaiwudi ya milimita 18, au cha plastiki ngumu kama ya ubao wa kukatia mboga, upana wa sentimita 10 kwa 15, toboa tundu katikati, na ukiweke chini ya ukingo kabla ya washa ya bomba. Nguvu ya kukaza husambaa kwenye eneo kubwa na ukingo hauchezi tena. Plaiwudi ipakwe rangi ya mafuta pande zote kwanza. Ikiachwa wazi chini ya sinki huoza. Pima pia unene: chuma, kipande cha kuimarisha na washa kwa pamoja visizidi urefu wa shina, ambalo kwa miksa nyingi hushikwa na skrubu moja au mbili ndefu na bamba lenye umbo la kwato.

Kuna tatizo lingine linalofanana na uvujaji ambalo hutokana na kufunga miksa katika nyumba ya maji baridi pekee. Miksa ina mipira miwili. Fundi akiunga mmoja na kuuacha mwingine unaning'inia, mkono wa bomba ukiwekwa katikati maji ya baridi hupita ndani ya bomba na kurudi kwenye mpira ulioachwa wazi, yakamwagika kabatini. Mwenye nyumba anaona bomba jipya linavuja, tena mara nyingine tu, na anarudi dukani kugombana. Mpira huo uzibwe kwa kifuniko chenye washa, au mipira yote miwili iungwe kwenye paipu ya baridi kwa kiungo cha njia tatu.

Mkono unagonga ukuta, au maji yanapiga ukuta wa beseni

Hapa ndipo tundu lililotobolewa kwenye jiwe linapogharimu zaidi, kwa kuwa tundu la chuma huweza kubadilishwa kwa kununua sinki lingine, lakini tundu la graniti likishatobolewa limetobolewa. Nitaeleza jiko moja la Tanga kwa vipimo vyake.

Mwenye nyumba, mama mstaafu, alikuwa na hita ya jua juu ya paa, na bafuni maji ya moto yalitoka vizuri. Jikoni yalitoka ya uvuguvugu tu. Fundi wa kwanza alikagua hita, wa pili akabadilisha mpira wa maji ya moto. Nilipofika aliniambia, "Mwanangu, mimi nimeshachoka na hiyo hita." Nilifungua bomba na kuvuta mkono wake kuelekea nyuma, upande wa moto, ukasimama kabla ya kufika mwisho. Ulikuwa unagusa kigae. Alama ndogo nyeupe ilikuwa imeshachongeka pale ukutani.

Kaunta ilikuwa na kina cha milimita 600 kutoka kwenye plasta hadi ukingo wa mbele. Sinki lilikuwa la kufungwa chini, beseni lake milimita 400 kutoka mbele hadi nyuma, na mdomo wa milimita 25 kuzunguka. Fundi wa graniti aliacha ukanda wa milimita 80 mbele, akakata uwazi wa 400, na nyuma ukabaki ukanda wa milimita 120. Akatoboa tundu katikati ya ukanda huo, milimita 60 kutoka kwenye plasta, jambo ambalo kwa macho lilikuwa sahihi kabisa. Wiki iliyofuata fundi wa vigae alikuja, na vigae pamoja na gundi vikachukua milimita 15. Kitovu cha tundu sasa kilikuwa milimita 45 kutoka ukutani, na mkono wa bomba lile, ambao uko ubavuni, ulihitaji 60 ili urudi nyuma hadi mwisho.

Je, angeweza kutoboa mbele zaidi? Tuhesabu. Chini ya jiwe mdomo wa sinki unachukua milimita 25 kutoka ukingo wa uwazi, na bamba la kukazia bomba lina upana wa milimita 50, yaani 25 kila upande wa kitovu. Kwa hiyo kitovu cha tundu lazima kiwe angalau milimita 50 kutoka ukingo wa uwazi, la sivyo bamba litapanda juu ya mdomo wa sinki na halitakaa sawa. Upande wa pili kilihitaji kuwa milimita 60 kutoka kwenye kigae. Jumla ni 110. Baada ya vigae, ukanda wa nyuma ulikuwa na 105. Zilipungua milimita 5.

Ukanda wa mbele, kwa upande wake, ulikuwa na ziada. Jiwe lilitokeza milimita 20 mbele ya kabati, ubao wa mbele wa kabati una milimita 20, na mdomo wa sinki 25. Jumla 65, naye aliacha 80. Uwazi ungesogezwa mbele kwa milimita 10 tu, ukanda wa mbele ungebaki na 70 na wa nyuma ungekuwa na 115 baada ya vigae. Kitovu kingekaa 60 kutoka ukutani na 55 kutoka ukingo wa uwazi, na kila kitu kingeenea. Tofauti ya unene wa kidole ndiyo iliyomfanya mama yule alipe mafundi wawili.

Tulilitatua bila kugusa jiwe. Bomba lake lilikuwa la aina ambayo mdomo huzunguka peke yake juu ya kiwiliwili, hivyo nililegeza bamba la chini, nikageuza kiwiliwili robo mzunguko hadi mkono ukaelekea mbele, kwa mtumiaji, nikakaza tena na kurudisha mdomo katikati ya beseni. Mkono sasa unakwenda kushoto na kulia, sambamba na ukuta. Kazi ilichukua nusu saa, nyingi yake nikiwa nimelala chali ndani ya kabati. Dawa hii haifanyi kazi kwa kila bomba: kama mdomo una kikomo na hauzunguki kiasi cha robo mzunguko kutoka kwenye mkono, itabidi kununua bomba ambalo mkono wake hausogei nyuma ya wima, na mabomba hayo yapo.

Kama sinki lingekuwa la kukalia juu, hesabu hii isingekuwa nyepesi sana, ila ingekuwa tofauti. Tundu lake hupimwa kutoka ukingo wa nyuma wa sinki, na sinki lote likisogezwa mbele tundu husogea nalo. Anayeweka sinki hilo apime kutoka kwenye kigae kilichomalizika, na kama vigae bado, achukue kipande cha kigae na tabaka la gundi akiegemeze ukutani wakati wa kupima.

Dalili ya pili ya sehemu hii ni maji kuangukia karibu na ukuta wa nyuma wa beseni, mikono ikigonga chuma wakati wa kuosha. Chanzo chake karibu kila mara ni bomba la kunawia, la bafuni, lililofungwa jikoni. Mdomo wake hufika mbele milimita 110 hivi. Ukitoa milimita 55 za kutoka kitovu cha tundu hadi ukingo wa uwazi, maji yanaangukia milimita 55 tu ndani ya beseni. Bomba la jikoni lenye mdomo wa milimita 200 katika tundu hilohilo lingeyaangusha milimita 145 ndani, mahali ambapo sahani inaweza kugeuzwa. Basi dukani pima mdomo kwa futi, kutoka kitovu cha shina hadi kitovu cha tone.

Na kama nyumba inapata maji kutoka tangi la juu ya paa, uliza presha ya chini kabisa ambayo bomba linahitaji. Kila mita 1 ya kimo hutoa takriban baa 0.1, hivyo tangi lililo mita 4 juu ya bomba hutoa 0.4. Mabomba yenye mdomo wa kuvutwa nje mara nyingi hutengenezwa kwa presha kubwa kuliko hiyo, na hutoa maji kwa unyonge ambao hakuna usafishaji wa chujio utakaouondoa.

Matundu na bomba havilingani idadi

Hili huwakuta hasa wanaopokea vifaa katika makontena ya ndugu walioko nje. Sinki la Marekani laweza kuja na matundu matatu, ambayo kitovu cha la kushoto na cha la kulia viko umbali wa inchi 4 au inchi 8, yaani takriban milimita 102 au 203. Bomba la Kiingereza la miguu miwili linalokaa juu ya sinki hutaka milimita 180 kati ya kitovu na kitovu. Bomba la kutoka ukutani hutaka paipu mbili zenye umbali wa milimita 150, na huja na viungo vilivyopinda vinavyoruhusu kusahihisha kidogo, faida ambayo mabomba ya juu ya kaunta hayana.

Matundu yakizidi miguu ya bomba, kazi ni rahisi: ziba kwa vifuniko, au tumia bomba la shina moja lenye bamba refu la kufunika matundu yote matatu. Bomba la miguu miwili kwenye tundu moja ndilo gumu. Kwa sinki la chuma, tundu la pili hutobolewa kwa biti ya duara ya chuma, taratibu na kwa mafuta kidogo. Kwa graniti, hutumika biti ya almasi ya milimita 35, maji yakimwagiliwa muda wote, plaiwudi ikiwa imekazwa upande wa chini ili jiwe lisitoke kipande biti inapotokeza. Grainda isitumike, kwani tundu lake huwa la pembe na pembe ndiyo inayoanzisha ufa. Kwa sinki la udongo uliochomwa singetoboa kabisa nje ya alama alizoacha mtengenezaji upande wa chini. Mipira ya bomba la Marekani nayo mara nyingi huishia na kiungo cha inchi 3/8 ambacho hakiingii kwenye nyuzi zetu za nusu inchi, hivyo tafuta kibadilishio kabla ya kufunga maji ya nyumba.

Sinki la uso wa mbele halikai sawa

Aina hii bado ni chache kwetu, na malalamiko yake ni mawili. La kwanza ni mwanya usio sawa kati ya sinki na jiwe, au sinki kutoingia kabisa. Sinki za aina hii mara nyingi ni za udongo uliochomwa. Udongo husinyaa unapochomwa, na sinki mbili za namba moja huweza kutofautiana kwa milimita kadhaa. Uwazi ukikatwa kwa vipimo vya karatasini, kosa limeshafanyika. Sinki liwe limekaa mahali pake, limesawazishwa kwa pimamaji, ndipo fundi wa graniti achore kiolezo kutoka kwenye sinki hilohilo. Na bomba lenyewe liwekwe mezani siku hiyo, kwa sababu hesabu ya ukanda wa nyuma ni ileile ya jiko la Tanga.

La pili ni milango ya kabati kusuguana na kuvimba juu. Sinki la udongo la upana wa sentimita 76 hufikia kilo 50, na likijaa maji hupita kilo 100, mzigo ambao sakafu na kuta za kabati la ubao wa unga hazikuundwa kuubeba. Fremu inapinda, milango inashuka. Pima pengo la juu ya mlango kushoto na kulia. Kama linatofautiana, ondoa milango, tegemeza sinki, na usimamishe nguzo mbili za mbao za inchi 2 kwa 3 kutoka sakafu ya nyumba hadi chini ya sinki kila upande. Kama milango imevimba bila kushuka, tazama uso wa sinki kutoka ubavuni: unatakiwa utokeze mbele ya milango kwa sentimita 1 hadi 2, ili maji yanayochuruzika yadondoke sakafuni. Likiwa limekaa sambamba na milango, kila tone litapita juu ya ukingo wa mlango. Hapo vuta sinki mbele kama jiwe linaruhusu; kama haliruhusu, piga msumeno milango ipungue urefu na uipake rangi ya mafuta kwenye ukingo uliokatwa.